Ubao wa Jina

Fundi Ussi alimpa Mzee Makame siku tatu.

Mashua ilikuwa imekwisha, imeegemezwa kwenye magogo pale ufukweni Nungwi: futi 22 kutoka omo hadi tezi, mkuku wa mvule, mataruma ya matawi ya mwembe yaliyochaguliwa kwa kupinda kwake yenyewe. Kalafati ilikwisha gongwa, pamba imezama katika kila mwanya, na vijana walikuwa wakiipaka sifa, mafuta ya papa, kuanzia juu kwenda chini. Walikiruka kipande kimoja tu cha ubao wa juu kabisa, futi tano kila upande wa omo.

"Hapo sipaki," alisema fundi. "Ubao ukishakunywa sifa, rangi haishiki. Itakaa mwezi, halafu inabanduka maganda maganda. Lakini nao ukikaa mkavu hivi kwenye jua, utapasuka. Leo nimeufunika makuti. Siku ya tatu naupaka sifa, jina liwepo lisiwepo."

Siku ya nne ilikuwa bamvua, na maji ya bamvua ndiyo peke yake yaliyofika pale mashua ilipojengwa. Kuikosa ni kungoja wiki mbili nyingine.

Mzee Makame alikuwa na miaka 66, na vyombo vyote alivyovua navyo vilikuwa na majina ya kuchaguliwa na wengine. Mgawo aliujua kwa moyo: zinatolewa kwanza gharama za safari, kinachobaki chombo kinakula sehemu yake, nyavu zinakula yake, kisha mabaharia. Tangu ujana hadi mvi alikuwa mtu wa sehemu moja. Mbao alizinunua kidogo kidogo, akazirundika nyuma ya nyumba, zikanyauka huko kwa misimu. Bei ya mbao alikuwa ameiwazia sana. Jina hakuliwazia.

Haji, mkwewe, ndiye aliyeandika vyombo vingi vya diko lile. Alikuja asubuhi na futi kamba na uzi uliopakwa chaki.

"Baba, ubao una inchi nane. Nikiacha inchi moja na nusu juu na chini, herufi inapata inchi tano. Futi ya mbele siigusi, kamba ya nanga itaifuta yote. Nabaki na futi nne. Kila herufi na nafasi yake ni inchi tano. Tisa ndiyo mwisho."

"Mola Nisitiri," alisema Mzee Makame.

Haji alihesabu kwa vidole. "Kumi na mbili. Nikizibana, mtu akiwa mbali kidogo ataona mstari mweupe tu."

"Tawakali."

"Hiyo inaingia. Lakini zimo tatu hapa dikoni."

Haikuhitaji kuongezewa neno. Kusi iliyopita simu ilipigwa kutoka upande wa Tumbatu kwamba Tawakali imepinduka, na nyumba tatu zililia usiku kucha. Asubuhi zikarudi zote mbili, na ya tatu ilikuwa imevutwa salama; lakini usiku ule mama mmoja alikwisha kuzirai mara mbili. Jina la chombo linaombwa kufanya kazi hiyo kabla ya kupendeza: watu wajue ni nani waliomo.

Jioni alimwambia mkewe, Bi Mwanakombo, kwamba anataka kuandika jina lake.

"Jina langu? Hapana, Baba Asha. Kikikwama, watasema Mwanakombo kakwama. Kikivuja, Mwanakombo anavuja. Nawajua watu wa mnadani."

"Basi Rudi. Si ndiyo unayoniambia kila nikitoka?"

Bi Mwanakombo alinyamaza, na ikaonekana kwamba limempendeza. Khamis, mpwa wao, ndiye aliyelikataa. "Mjomba, chombo kingine kikituita tukiwa mwambani, 'Rudi! Rudi!', sisi tutageuza tanga. Na siku tukiambiwa turudi kweli, tutadhani tunaamkiwa."

Siku ya pili maji yalipokupwa, Mzee Makame aliwapeleka Khamis na Juma juu ya mwamba, yeye akabaki ufukweni penye upepo wa kusi, uliokuwa ukivuma ubavuni. Aliwaagiza wayapige kelele majina yote aliyokuwa nayo, moja moja. Subira ilifika imekatika, ikabaki ra. Bismillahi aliisikia kwa sababu tu anaijua. Yenye i nyembamba mwishoni yalipotea. Yenye a ndefu yalivuka. Wavulana walipomaliza orodha walichoka, wakaanza kugombana huko huko nani atangulie kubeba dema. Juma akapiga ukelele, "Zamu yako! Mimi nilibeba jana!"

Mzee Makame alisikia neno la kwanza lote, a yake imenyooka juu ya maji. Yaliyofuata yalichukuliwa na upepo.

Hakusema kitu mpaka wamefika nyumbani. Akala, akanawa, ndipo akamwita Haji.

"Andika Zamu."

"Zamu Yangu? Ni herufi tisa, inaingia kamili."

"Zamu, basi. Mimi nitakuwa nacho miaka mingapi? Baadaye watakuwa nacho hawa. Sitaki wafute neno."

Haji alianza siku ya tatu saa mbili asubuhi, umande ulipokwisha kukauka. Aliusugua ubao kwa msasa kufuata mkondo wa mbao, akaufuta kwa kitambaa chenye tarpentaini, maana vijana walikuwa wamedondosha sifa sehemu mbili. Rangi ya chini aliipaka nyembamba. Kwa herufi nne alipata nafasi ya kuzipanua, inchi saba kila moja, zinazosomeka hata chombo kikiwa nje ya mwamba. Upande wa kushoto alianza na Z karibu na omo. Upande wa kulia alipima kinyume, akianzia U, kwa sababu huko mwisho wa jina ndio unaokaribia omo. Wanaoanzia Z upande huo huishiwa na ubao, na herufi ya mwisho hutoka imekonda. Saa tano aliacha. Jua la mchana hukausha ngozi ya rangi huku ndani mbichi, kisha hutoka malengelenge. Mkono wa pili wa rangi aliupaka kesho yake alfajiri na mapema kidogo kuliko alivyopenda, kwa kuwa bamvua haingoji. Fundi Ussi alimalizia sifa kuzunguka herufi kwa kidole, si kwa brashi.

Saa kumi alasiri maji yalijaa. Watu arobaini walishika kamba, magogo yakatiwa chini ya mkuku, ikashuliwa kwa dua na nyimbo. Na mara ikaanza kuingiza maji kila mshono, kama fundi alivyokwisha kuwaambia: mbao zilizokaa juani lazima zivimbe kwanza. Itafungwa maji ya kiunoni siku mbili, ifuliwe maji kila saa, usiku na mchana. Mtu akilala akasahau, itakaa chini, mchanga utaingia, kazi ianze upya.

Bwana diko aliingia majini na daftari lake kalinyanyua.

"Jina?"

"Zamu."

"Zamu ya nani, mzee?"

"Ya Juma!" Khamis alijibu kutoka ndani, dumu lililokatwa mkononi. "Mimi nimefua tangu ishuke!"

Mzee Makame alipanda, akalichukua dumu. "Nendeni mkale. Mrudi saa tatu, mmoja alale, mmoja afue." Akavuta ubao wa tezini, akainama penye maji mengi, akaanza kufua.