Mzee wangu, kipanya cha kompyuta na mteremko wa Kitonga

Baba yangu aliendesha basi la Dar–Iringa miaka kumi na mbili akiwa deiwaka. Kwa asiyejua, deiwaka unalipwa kwa tripu, hakuna mkataba wala bima, dereva mwenye gari akirudi unashuka na begi lako. Simu ilikuwa inaita saa tisa usiku mama anashtuka kabla yake. Wiki simu isipoita, mama anakopa kausha damu, na wale watu wanajua kudai, siku moja walibeba tivii na sabufa mbele yetu mdogo wangu akiwa anafanya homuweki pale sebuleni. Baba alikuwa Mikumi kwenye tripu, hakuna aliyempigia, tulisubiri arudi aone mwenyewe ile nafasi ukutani.

Mzee alijifunza udereva kwa kuwa konda, anakaa pembeni anaangalia miguu ya dereva, basi. Leseni alikuwa nayo ila darasa la kweli hajawahi kukaa. Halafu siku moja wanatoka Iringa na basi limejaa, katikati ya mteremko wa Kitonga breki zikaanza kutoa moshi, abiria wanasikia harufu wanapiga kelele. Alifanikiwa kulisimamisha, akaweka mawe kwenye matairi na mikono yake mwenyewe. Alivyofika nyumbani hakula. Alimwambia mama, "nimeshuka Kitonga miaka yote hii na sijui kwa nini sijafa".

Hiyo ndo iliyompeleka chuo cha usafirishaji, NIT Mabibo, kusoma kozi ya PSV, ya madereva wa magari ya abiria. Ada tulichanga, mama akauza cherehani yake (hiyo cherehani mi bado inaniuma). Jioni anarudi na daftari la kaunta anatusimulia kama mtoto wa darasa la kwanza, kwamba ukikanyaga breki muda wote kwenye mteremko zinachemka mpaka zinaacha kushika, kwaiyo gia ndogo unaiweka ukiwa bado kule juu, KABLA hujaanza kushuka, injini ndo ibebe uzito wa gari, breki unagusa na kuachia. Kitu alichokuwa anabahatisha miaka kumi na mbili kumbe kina maelezo.

Kozi akamaliza vizuri. Ikabaki mtihani wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ili athibitishwe na asajiliwe, na ule unafanyika kwenye kompyuta. Mzee ni darasa la saba, hajawahi kushika kompyuta. Mara ya kwanza alifeli, na sio kwamba majibu hakuyajua, muda ulimuishia anahangaika na kipanya. Alirudi akakaa nje kwenye tofali mpaka giza likaingia.

Nikaazima laptopu kwa rafiki yangu tukaanza kila usiku mezani jikoni. Mkono wa mtu aliyezoea usukani wa basi, kile kipanya alikuwa anakishika kama kifaranga, anaogopa kukivunja. Namwambia baba bonyeza, anabonyeza mara nne. "Mama, mbona imekimbia?" (mimi nimerithi jina la bibi, ananiita mama). Nikawa namwandikia maswali, alama za barabarani, mwendo wa basi mwisho 80, kwenye makazi 50, safari ikizidi masaa nane lazima madereva wawe wawili. Wiki ya tatu akawa anajibu kabla sijamaliza kusoma swali.

Akafaulu. Ile aibatani yake, kile kitufe cha dereva kujitambulisha kwenye gari ili mfumo ujue nani yuko kwenye usukani, aliilaza kwenye kiganja akamwonyesha mama na hakusema kitu.

Miezi miwili baadae kampuni moja ikamuajiri kwa mkataba, mshahara kila mwezi, NSSF, na bima ya afya ambayo mama anachukulia dawa zake za presha bila kuhesabu hela kwanza. Kausha damu ya mwisho tulilipa mwezi wa nne wa mshahara. Mdogo wangu alishaanza kusema ataacha shule akawe konda, sasa ivi yuko fomu three na hilo neno hajalirudia. Cherehani ilirudi, sio ile ile, ila imerudi.

Mwaka huu nilisafiri nae nikitoka Iringa, nimekaa siti ya mbele. Juu ya Kitonga akashusha gia, injini ikaanza kunguruma, tukashuka taratibu kabisa. Bibi mmoja nyuma akalalamika, "dereva, tutafika kesho?" Baba akamjibu kwa heshima, "tutafika mama, shikamoo." Nilikuwa naangalia mguu wake wa kulia, anagusa breki anaachia, anagusa anaachia, mpaka chini. Ruaha Mbuyuni akanunua kapu la vitunguu dirishani, akanipa nimshikie, vya mama.