NYUMA KWEUPE

Mchezo wa kuchekesha wa watu wawili. Dakika 4.

WAHUSIKA
SIDE: konda, miaka 25. Hajakaa kitini tangu alfajiri, na sauti imeshaanza kukauka.
MAMA WARDA: muuza sambusa, miaka 50. Mpole mpaka aguswe biashara yake.

VIFAA: Ndoo ya lita 10 yenye mfuniko, sambusa 6 za kweli, zilizopoa (za moto zitamfanya Side ateme, na mchezo utaharibika), fimbo ya ufagio iliyofungwa juu kama bomba la daladala, noti ya 1,000, sarafu za kuchezesha mkononi, mlio wa injini na honi kwenye simu.

Bandika sakafuni mistari miwili ya utepe wa gundi, sentimita 50 kati yake. Mama Warda asitoke humo mpaka ashuke. Watu wengine hawaonekani, ni mwili wake unaowaonyesha: kiwiko kimebanwa, shingo imepinda, mkono mmoja juu. Akinyoosha mkono kwa raha hata mara moja, gari limeshakuwa tupu.

*(Kituo cha Mombasa, Ukonga, Dar es Salaam, saa 12:30 asubuhi. Side anagonga bodi.)*

SIDE: Banana, Epoti, Tazara! Tazara moja, nyuma kweupe! Mama, panda!

MAMA WARDA: Mwanangu, mbona naona visogo tu?

SIDE: Hao wanashuka Banana. Ndoo nipe mimi, ikae hapa mlangoni.

MAMA WARDA: Taratibu, ina sambusa za watu. Arobaini, nimezihesabu.

SIDE: Kwangu ziko salama kuliko benki. *(Anamsukuma ndani. Injini.)* Twende, suka! Jamani, sogeeni nyuma!

MAMA WARDA: Nisogee wapi? Mguu mmoja uko chini, wa pili sijui nimemkanyaga nani.

SIDE: *(anachezesha sarafu)* Nauli, mama.

MAMA WARDA: Nauli iko kwenye pindo la kanga. Kanga iko hapa. Mkono uko dirishani.

SIDE: Basi uvute.

MAMA WARDA: *(anavuta, anashtuka)* Samahani, kaka. Nilidhani ni wangu.

*(Avute kwa nguvu kweli, kisha aachie ghafla. Kicheko kikianza, Side angoje kiishe ndipo aseme.)*

SIDE: Mama, nauli!

MAMA WARDA: *(anachomoa noti kwa vidole viwili)* Buku hiyo. Nipe mia nne yangu.

SIDE: Chenji utapata ukishuka.

*(Side anageuza mgongo. Mfuniko unalia "tap". Sentensi zinazofuata azitamke akiwa na sambusa mdomoni. Ang'ate kidogo: kipande kikubwa kitameza maneno yote.)*

SIDE: Hanana! Hanana kuna wa huhuka?

MAMA WARDA: Konda, una jino?

SIDE: Humbi, mama. Humbi la barabarani.

*(Kimya. Ghafla Side anameza na kupiga bodi mara tatu.)*

SIDE: Trafiki mbele! Waliosimama wote chini! Inameni!

MAMA WARDA: Niiname vipi? Hapa hata nikizimia sifiki chini!

SIDE: Mama, tutapigwa faini! Chini!

*(Mama Warda anashuka polepole, magoti yakigeukia pande tofauti. Hapa ndipo mchezo wote unapogeuka, kwa hiyo achukue sekunde 8 nzima. Akifika chini, anatazama kulia, kushoto, kisha moja kwa moja kwenye ndoo. Mkono wa Side umo ndani.)*

MAMA WARDA: *(kwa sauti ya chini)* Ahaa. Kumbe kweupe ni huku.

*(Asipige kelele. Watazamaji wameuona ule mkono, na upole wake ndio utakaowachekesha.)*

SIDE: Trafiki kapita, inukeni!

MAMA WARDA: Mimi niache, mwanangu. Huku naona vizuri.

SIDE: *(anafunga mfuniko haraka)* Tazara! Tazara mwisho wa foleni!

MAMA WARDA: Shusha! *(Anajichomoa: kichwa kwanza, kanga mwisho.)* Ndoo yangu.

SIDE: Hii hapa, mama yangu, salama salmini. Chenji sasa: nitafutie mia, nikupe jero.

MAMA WARDA: *(anafungua ndoo, anahesabu kwa kidole)* Thelathini na saba, thelathini na nane. Sambusa moja bei gani, Side?

SIDE: *(anafuta mdomo)* Mama, mimi siuzi...

MAMA WARDA: Mia tatu. Mbili?

SIDE: Mia sita.

MAMA WARDA: Na nauli?

SIDE: *(polepole)* Mia sita.

MAMA WARDA: Basi tumeshalipana. Nirudishie buku yangu.

*(Side anatazama noti, anatazama ndoo, anarudisha noti. Honi. Anagonga bodi.)*

SIDE: Buguruni, Buguruni! *(Anachungulia ndoo tena.)* Mama, nyingine moja utanipa kwa mia mbili?

*(Mama Warda anabana mfuniko kwa mikono miwili. Giza.)*