Ombi la kuongezewa kikomo cha maombi ya API alfajiri

Uyole, Mbeya
6 Oktoba 2025

Kwa Meneja wa Huduma za API,
Kitengo cha Takwimu za Hali ya Hewa,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA KIKOMO KWENYE AKAUNTI mby-mashamba-02

Salaam kutoka Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni msanidi programu wa kujitegemea, na natumia API yenu kuendesha huduma ya tahadhari za mashambani kwa wanachama wa vyama tisa vya ushirika, kuanzia Kyela hadi Njombe. Wakulima 6,200 hupata SMS kila siku kabla hakujapambazuka vizuri, na wenye simu janja hufungua ukurasa mwepesi unaoonyesha utabiri wa eneo lao.

Ninachoomba ni hiki: kikomo changu cha maombi 60 kwa dakika kipandishwe hadi 180 kati ya saa 11:00 alfajiri na saa 12:30 asubuhi tu, yaani 02:00 hadi 03:30 UTC. Saa nyingine zote 60 zinanitosha. Kikomo cha siku naomba kitoke 10,000 hadi 18,000. Ningependa mabadiliko yaanze kabla ya Novemba, kwa sababu huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na zikishaanza hakuna mkulima atakayenisubiri nirekebishe mitambo.

Naeleza sasa kwa nini alfajiri. Utabiri wenu mpya hutoka kama saa 11:10. Orodha ya SMS lazima imfikie msambazaji wa ujumbe kabla ya saa 11:45, la sivyo inaingia kwenye foleni ya asubuhi na kumfikia mkulima akiwa ameshabeba bomba la dawa mgongoni. Kwa mtu wa viazi hilo si jambo dogo. Akipuliza dawa ya kuzuia ukungu halafu mvua ikashuka muda mfupi baadaye, dawa inaoshwa na pesa yake imekwenda. Kwa hiyo nina dakika 35, na ndani ya dakika hizo nalazimika kusoma upya vituo vyote, yaani sehemu za ramani ninazoziombea utabiri.

Vituo ni 640, na kila kimoja kinahitaji maombi mawili: utabiri wa saa kwa saa, na mvua iliyonyesha saa 24 zilizopita. Jumla ni maombi 1,280. Wakati huohuo watumiaji wa ukurasa wanaamka, na maombi yao yasiyopatikana kwenye kache hufikia wastani wa 22 kwa dakika. Yanabaki 38 kwa ajili ya kazi ya SMS, na ndiyo breki niliyoifunga kwenye programu. Gawanya 1,280 kwa 38 upate takriban dakika 34. Inaingia kwenye dakika 35 kwa kujibana, na siku ambayo watu wengi wameamka mapema haiingii kabisa. Hivi ndivyo kumbukumbu za seva yangu zilivyoonyesha tarehe 29 Septemba, saa 11:24 alfajiri:

```
GET /v2/forecast/hourly?lat=-9.10&lon=33.55
HTTP/1.1 429 Too Many Requests
Retry-After: 41
X-RateLimit-Limit: 60
X-RateLimit-Remaining: 0
```

Kwa wiki mbili, 22 Septemba hadi 5 Oktoba, nilipata majibu ya 429 wastani wa 310 kwa siku. Tisa kati ya kila kumi yalitokea kati ya saa 11:10 na saa 12:00. Mchana na usiku ni kama hayapo. Na hicho ni kiangazi, ndugu yangu, wakati wengi wanaoangalia ni wenye bustani za kumwagilia na wanaoandaa mashamba.

Mwezi ujao vyama vingine vitatu vinajiunga, wakulima wa chai wa Mufindi, wa viazi wa Kilolo na wa kahawa wa Mbozi. Vituo vitapanda kutoka 640 hadi 1,150, yaani maombi 2,300 kila utabiri mpya unapotoka. Msimu wa mvua uliopita maombi ya watumiaji yalikuwa mara 1.8 ya yale ya kiangazi, hivyo nakadiria 40 kwa dakika alfajiri. Kwa kikomo cha sasa nitabaki na 20 za kufanyia kazi ya SMS, na kazi hiyo itachukua dakika 115. Kwa 180, nabaki na 140, na kazi inakwisha ndani ya dakika 17.

Hesabu ya siku nzima iko hivi. Leo nasasisha vituo mara tatu kwa siku. Utabiri wenu wa usiku wa manane nauruka kwa sababu hakuna anayeusoma. Mara tatu ya 1,280 ni 3,840, ongeza 4,100 ya watumiaji, jumla 7,940. Msimu ukianza itakuwa 6,900 ya vituo na kama 7,400 ya watumiaji, jumla 14,300. Kuomba 18,000 ni kujiachia nafasi ya siku mbaya, kwa mfano mvua kubwa inapotabiriwa na kila mtu anafungua ukurasa mara tatu.

Najua swali la kwanza mtakaloniuliza ni kama nimetumia kache ipasavyo, na ni swali la haki. Ukurasa wangu hupokea maombi 58,400 kwa siku. Kati ya hayo 54,300 hujibiwa na kache yangu, yaani asilimia 93, na 4,100 tu ndiyo hufika kwenu. Mengi ya hayo 4,100 ni ya hali ya sasa, ambayo ninyi wenyewe mmeiwekea `max-age=600`, na siwezi kuishikilia zaidi ya dakika kumi bila kumdanganya mtu. Utabiri naushikilia hadi mwingine utoke. Watu mia wakiomba kwa pamoja kituo kimoja ambacho bado hakimo kwenye kache, ni ombi moja tu linalotoka na wengine wanasubiri jibu lake. Mkinijibu 429, msomaji anapewa nakala iliyopita ikiwa na saa yake imeandikwa juu. Sehemu yenyewe ya Nginx ni hii:

```
proxy_cache_lock on;
proxy_cache_revalidate on;
proxy_cache_background_update on;
proxy_cache_use_stale error timeout updating http_429;
```

Kwenye kazi ya SMS naheshimu `Retry-After` kama mlivyoiandika, kisha naongeza sekunde chache za kubahatisha ili maombi yote yasirudi kwenu kwa mkupuo. Sijaribu tena zaidi ya mara tatu.

Kuna akiba moja ambayo nimeikataa kwa makusudi, na naomba niieleze kwa urefu kidogo kwa sababu ndiyo inayobeba ombi hili. Nimeviringisha viwianishi vya watumiaji hadi hatua ya digrii 0.05, yaani kama kilomita tano na nusu, ili majirani wa kijiji kimoja washiriki jibu moja. Fundi wenu mmoja alinishauri nipanue hadi digrii 0.25, kama kilomita 28, na vituo vyangu vingepungua vibaya sana. Tambarare ushauri huo ungefaa. Huku haufai. Chukua Chimala, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam: joto, mpunga, bonde la Usangu. Geuka upande mlima kwa zile kona hamsini na saba, unatokea Matamba, kwenye viazi na baridi ya kuvalia koti. Kwenye ramani ni jirani kabisa. Kwa hatua ya 0.25 sehemu hizo mbili zinaweza kuangukia kisanduku kimoja, na utabiri wa kisanduku hicho hautakuwa kweli kwa yeyote kati yao. Tukuyu na Kitulo ni hivyohivyo, zimetenganishwa na mwinuko wa takriban mita elfu moja.

Wala siwezi kutumia muhtasari wa siku badala ya saa kwa saa. Tahadhari ya bakajani chelewa kwenye viazi naitoa kwa kanuni ya Hutton, inayotumika Uingereza tangu 2017: siku mbili mfululizo ambazo joto halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila siku ikawa na angalau saa sita zenye unyevu wa hewa wa asilimia 90 au zaidi. Wastani wa unyevu wa siku hauniambii kama saa hizo sita zilikuwepo.

Kuhusu malipo. Kifurushi changu ni Sh 95,000 kwa mwezi. Kinachofuata kwenye orodha yenu ni Sh 640,000, kinatoa maombi 600 kwa dakika saa zote 24, na kusema kweli hicho ni cha benki, si cha vyama vya ushirika vinavyochangishana kulipia SMS. Vyama vimekubali kuongeza hadi Sh 90,000 kwa mwezi, jumla Sh 185,000, kwa ajili ya dirisha hilo la dakika 90. Mkiona bei nyingine inafaa, tuongee.

Ikiwa kupandisha kikomo kuna ugumu upande wenu, yapo mawili ambayo yangenipunguzia mzigo na kuwapunguzia nanyi. La kwanza ni ombi moja linalobeba vituo vingi. Hata vituo 20 kwa mpigo vingeshusha maombi 2,300 hadi kama 115, na hapo nisingehitaji 180 wala nusu yake. Hilo ndilo ningelipenda kuliko yote. La pili ni majibu ya 304. Kati ya maombi 1,280 ya alfajiri, kama 210 hurudi 304 kwa sababu takwimu za mvua hazijabadilika, lakini `X-RateLimit-Remaining` inashuka kama vile nimepewa data. Mkiacha kuyahesabu, nitapumua kidogo, ingawa msimu wa mvua majibu hayo yatapungua.

Naweza kuwatumia kumbukumbu za seva za wiki hizo mbili, nikiwa nimeondoa namba za simu za wakulima. Napendekeza pia tuanze na majaribio ya wiki moja, kuanzia Jumatatu 20 Oktoba. Nitawasha vituo vyote 1,150 bila kutuma SMS za vyama vipya, nanyi mtaona kwenye vipimo vyenu kama nimevuka nilichoahidi. Nikivuka, rudisheni kikomo cha zamani siku hiyohiyo bila kuniuliza. Ufunguo wa API nautumia kwenye seva moja tu, kwa hiyo mkitaka kuufungia kwa anwani ya IP ya seva hiyo sina kipingamizi.

Naomba jibu ifikapo Ijumaa tarehe 17, ili nijue kama niwaambie viongozi wa vyama vipya waanze kuandikisha wanachama au wasubiri.

Wako katika kazi,

Atupele
Msanidi programu wa kujitegemea
Uyole, Mbeya