Kijitabu cha Mwisho

Saa sita ya usiku, nyumbani kwake Nyegezi, mhadhiri alikuwa akisahihisha mtihani uliouliza kwa nini samaki aina ya furu wa Ziwa Viktoria walipungua, na alikuwa amechoka kusoma kwamba walipungua kwa kuliwa na sangara aliyepandikizwa, jibu sahihi lakini la kukariri. Kijitabu cha mwisho, chenye mwandiko wa kuparura, kilikubali hilo kwa sentensi moja, kisha kikaeleza kwamba maji yakijaa mwani mwanga hupungua, majike, ambao huchagua madume kwa rangi, hushindwa kuzitofautisha rangi hizo, na spishi zilizotenganishwa na uchaguzi huo huchanganyika pasipo samaki hata mmoja kuliwa. Hakuwa amelifundisha. Akasoma upya, akasahau chai. Mwongozo uliruhusu alama 10 tu, akaziandika zote, na pembeni: “Njoo ofisini.”