Sehemu ya 4: Uchambuzi wa Kwa Nini Tano – Chanjo zilizoganda kwenye ghala la wilaya, 8–11 Agosti 2025

4.1 Tatizo

Jumatatu tarehe 11 Agosti 2025, saa 1:30 asubuhi, jokofu namba 2 la ghala la chanjo la wilaya lilikutwa na nyuzi −2.4 za Selsiasi. Kinasa joto cha siku 30 kilionyesha kwamba joto lilishuka chini ya −0.5 Ijumaa tarehe 8, saa 10:12 alfajiri, na halikupanda tena hadi jokofu lilipofunguliwa: jumla saa 75 na dakika 18. Kiwango cha chini kabisa kilikuwa −3.1. Kiwango kinachotakiwa ni +2 hadi +8.

Ndani yake kulikuwa na vichupa 180 vya pentavalenti na 60 vya Td, vyote vya dozi 10. Vichupa 38 vya safu ya chini vilikuwa barafu tupu, vikatengwa bila kupimwa. Vilivyobaki vilipitia jaribio la kutikisa: kichupa cha toleo lilelile kiligandishwa makusudi usiku kucha, kikayeyushwa, kikatikiswa pamoja na vile vinavyotiliwa shaka, kisha vyote vikawekwa juu ya meza kwa dakika 30. Matoleo mawili ya pentavalenti na toleo moja la Td masimbi yake yalizama haraka sawa na ya kichupa cha kulinganishia. Yote yaliondolewa. Idadi kamili ya dozi iko Sehemu ya 3.

Swali la uchambuzi ni moja: kwa nini chanjo ziliganda? Swali la pili, kwa nini hakuna aliyejua kwa siku tatu, limefuatiliwa peke yake katika 4.3. Kuyachanganya kungetoa jibu la jumla lisilotengeneza kitu.

4.2 Mlolongo wa kwanza: kwa nini ziliganda

Kwa nini 1. Kwa nini chanjo ziliganda?
Kwa sababu joto ndani ya jokofu lilikaa chini ya sifuri zaidi ya siku tatu. Ushahidi: faili la kinasa joto. Dhana ya kwamba vichupa viligusa ukuta au sakafu ya jokofu ilichunguzwa ikaachwa. Vikapu vilikuwepo na vilitumika. Safu ya chini iliganda kwanza kwa kuwa ndiko baridi inakotulia, ila safu za juu nazo zilifikiwa.

Kwa nini 2. Kwa nini joto lilishuka kiasi hicho?
Kwa sababu thamostati ilikuwa kwenye namba 7, ambayo ndiyo baridi ya mwisho, badala ya namba 3. Ushahidi: namba iliyosomwa Jumatatu kabla ya mtu yeyote kuigusa, na maandishi ya daftari la jokofu ya Alhamisi tarehe 7, saa 9:40 alasiri: “9.1. Thamostati 3 → 7.” Fundi wa vifaa tiba alipima kompresa na kihisi joto, vyote vikaonekana vizima. Jokofu lilifanya kile lilichoagizwa.

Taarifa nyingi za aina hii huishia hapa, zikiwa na mstari unaosema mhudumu wa zamu ameonywa. Mhudumu huyo aliandika mwenyewe alichofanya, kwa saa na namba. Bila maandishi yake mlolongo huu usingefika hata hatua ya tatu.

Kwa nini 3. Kwa nini mhudumu aliona ni sahihi kuzungusha hadi 7?
Kwa sababu alisoma 9.1, na maelekezo yaliyobandikwa ukutani juu ya jokofu yanasema: “Joto likizidi 8, ongeza baridi mpaka lishuke.” Aliyafuata kama yalivyo.

Hali ya siku ile inaeleza hiyo 9.1. Shehena kutoka mkoani ililetwa Alhamisi badala ya Ijumaa kwa kuwa Ijumaa ilikuwa Nanenane. Mfuniko ulikaa wazi takriban dakika 40 wakati wa kupanga vichupa. Umeme ulikatika saa 6:05 mchana ukarudi saa 9:10 alasiri. Kwa kinasa joto, muda wote uliopita juu ya +8 ulikuwa saa 2 na dakika 35, kisha joto likaanza kushuka. Kinasa hutoa tahadhari ya joto baada ya saa 10 mfululizo juu ya +8. Hatari iliyoogopwa, kwa hiyo, haikuwepo, na jokofu lingejirudisha lenyewe kwenye namba 3.

Je, ni kosa la mtu mmoja? Hilo lilipimwa kwa njia mbili. Kwanza, wahudumu wanne wanaopokezana zamu waliulizwa kila mmoja peke yake: umeme umerudi nusu saa iliyopita, jokofu linasoma 9.1, unafanya nini? Watatu walisema wanazungusha thamostati. Pili, daftari la miezi 12 lilipekuliwa. Thamostati imezungushwa kuelekea baridi mara tano nyingine, na watu watatu tofauti, kila mara baada ya umeme kukatika. Mara zote tano ilikuwa katikati ya juma na aliyeingia kesho yake asubuhi aliirudisha. Hitilafu hii ni ya zamani. Safari hii ilikutana na siku tatu zisizo na mtu.

Jambo jingine linalowasukuma wahudumu upande huo ni kiashiria kilichobandikwa kwenye kichupa. Kichupa kikipata joto, mraba wake hubadilika rangi na kila mtu anauona. Kikiganda na kuyeyuka, mraba unabaki vilevile. Mtu hujikinga na hatari inayoacha alama.

Kwa nini 4. Kwa nini maelekezo ya ukutani yanasema hivyo?
Kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya jokofu jingine. Karatasi yenyewe, iliyofunikwa plastiki na kona moja kukunjamana, ina mstari wa tatu usemao: “Hakikisha mwali ni wa buluu.” Hayo ni maelekezo ya jokofu la gesi, ambalo baridi yake huongezwa na kupunguzwa kwa mwali na huhitaji kuangaliwa kila siku. Jokofu la sasa ni la umeme, la sanduku, lenye kuta za barafu. Barafu hiyo ndiyo akiba yake umeme unapokatika. Ukiweka thamostati sawa mara moja, hupaswi kuigusa kwa sababu ya umeme kukatika au mzigo mpya kuingia. Tena ni la muundo wa zamani usio na kinga ya kugandisha. Majokofu ya daraja A hayawezi kushusha chanjo hadi kuganda hata mtumiaji akikosea, hili linaweza.

Kwa nini 5. Kwa nini maelekezo ya jokofu la gesi yalibaki juu ya jokofu la umeme?
Kwa sababu utaratibu wa kupokea kifaa kipya hauna hatua ya kuondoa maelekezo ya zamani na kuweka mapya, na hakuna cheo chochote kilichopewa jukumu la maelekezo ya matumizi. Fomu ya makabidhiano ya mwaka 2017 ina mistari sita: aina, namba ya kiwanda, namba ya mali, hali, aliyekabidhi, aliyepokea. Yote ilijazwa vizuri. Fomu ilitungwa na kitengo cha mali ili kijulikane kifaa kiko wapi. Namna ya kukitumia haimo, na kitabu cha jokofu, cha Kiingereza, kilikutwa stoo ndani ya mfuko wake wa nailoni.

Mlolongo umesomwa kinyumenyume kwa “kwa hiyo” na unashikana: fomu haidai maelekezo mapya, kwa hiyo ya zamani yalibaki, kwa hiyo wahudumu hupambana na joto la muda kwa thamostati, kwa hiyo thamostati ilipelekwa 7, kwa hiyo joto lilishuka chini ya sifuri, kwa hiyo chanjo ziliganda. Ukimbadilisha mhudumu, hakuna kiungo kinachokatika. Ukibadilisha utaratibu wa kupokea vifaa, kiungo cha tano kinakatika, na si kwa jokofu hili tu: vituo 4 vya wilaya vilivyobadilishiwa majokofu vilipigiwa simu, viwili vina karatasi hiyohiyo ukutani.

4.3 Mlolongo wa pili: kwa nini haikuonekana

Tahadhari ilitokea kwenye kioo cha kinasa Ijumaa saa 11:12 alfajiri. Kinasa hakipigi kelele wala kutuma ujumbe, na hakuna aliyeingia ghalani, kwa kuwa ratiba ya zamu ni ya siku za kazi pekee wakati mwongozo unataka joto lisomwe mara mbili kila siku, wikendi na sikukuu pia.

Pengo hilo halikuwahi kujulikana kwa sababu masanduku ya wikendi kwenye karatasi ya joto hujazwa. Kati ya tarehe 12 Julai na 10 Agosti kuna masomo 20 ya Jumamosi na Jumapili. 17 yanaishia na .0, ilhali ya siku za kazi yanaishia na tarakimu za kila aina. Nani aliyajaza halikuulizwa, kwani jibu halibadilishi kinachofuata. Orodha ya usimamizi shirikishi hutoa alama kamili kwa karatasi isiyo na sanduku tupu na haimtaki msimamizi ailinganishe na faili la kinasa. Sanduku tupu, ambalo ndilo lingesema ukweli kwamba zamu haina mtu, linapunguza alama. Udhaifu uko kwenye orodha hiyo na kwenye ratiba isiyo na posho ya wikendi.

4.4 Hatua

a) Fomu ya makabidhiano iongezwe mistari mitatu: maelekezo ya zamani yameondolewa; maelekezo ya kifaa hiki, kwa Kiswahili, yamebandikwa; waliofundishwa wametia saini. Mhusika: Mratibu wa Chanjo wa Wilaya pamoja na kitengo cha mali. Mwisho: 29 Agosti 2025.

b) Karatasi ya zamani iondolewe ghalani na kwenye vituo viwili, ibandikwe hii:

“UMEME UMEKATIKA AU MZIGO UMEINGIA: USIGUSE THAMOSTATI. Funga mfuniko. Soma kinasa kila saa, andika. Kinasa kikitoa tahadhari ya joto, hamishia chanjo kwenye jokofu namba 1 na mpigie mratibu. Joto likishuka chini ya +2, mpigie mratibu saa hiyohiyo, mchana au usiku. Thamostati hubadilishwa na fundi tu.”

Tundu la thamostati lifungwe kwa kizibo na utepe wenye saini ya fundi. Mhusika: fundi wa vifaa tiba. Mwisho: 15 Agosti.

c) Zamu ya kusoma joto wikendi na sikukuu iingizwe kwenye ratiba na posho yake kwenye bajeti. Hadi hapo, sanduku la siku isiyo na mtu liachwe tupu, na orodha ya usimamizi isilipunguzie alama. Kila mwisho wa mwezi msimamizi alinganishe masomo 10 na faili la kinasa. Mhusika: Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwisho: 30 Septemba.

d) Jokofu namba 2 liingizwe kwenye maombi ya majokofu ya daraja A. Wilaya haina uamuzi wa lini litabadilishwa, ndiyo maana hatua hii haijahesabiwa kuwa kinga.

4.5 Uhakiki

Tarehe 10 Oktoba 2025 umeme wa jokofu namba 2, likiwa halina chanjo ila vichupa vya maji, utazimwa kwa saa 3 bila zamu kuambiwa mapema. Itaangaliwa mhudumu anafanya nini na thamostati. Ikizungushwa, kiungo cha tano kitafunguliwa upya.