Tamko la Tatizo la Utafiti: Wazee Wanaopata Huduma za Umma Mtandaoni kwa Mkono wa Mtu Mwingine

Mzee ambaye fomu yake ya pensheni hujazwa na binti yake kwenye simu huonekana mara mbili katika takwimu, na kila mara kwa sura tofauti. Kwenye kumbukumbu za taasisi inayotoa huduma yeye ni mtumiaji: akaunti ina jina lake, namba yake ya utambulisho, na saa aliyoingia. Kwenye utafiti wa kaya yeye si mtumiaji. Akiulizwa kama ametumia intaneti katika miezi 3 iliyopita, swali ambalo ndilo msingi wa kipimo cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), atajibu hapana, na atakuwa amesema kweli. Takwimu ya kwanza inasema amefikiwa, ya pili inasema ameachwa nyuma. Hakuna hata moja inayotaja kilicho wazi kwa kila aliye nyumbani kwake, kwamba mambo yake yanakwenda, ila yanakwenda kwa mkono wa mtu mwingine. Utafiti huu unakusudia kuchunguza hapo.

Suala hili linazidi kuwa zito kwa sababu mambo mawili yanakua kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ifikapo mwaka 2030 mtu 1 kati ya kila 6 duniani atakuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Wakati huohuo huduma ambazo zamani mtu alizipata dirishani, kama vile uhakiki wa wastaafu, kodi, vitambulisho, miadi ya hospitali na usajili wa ardhi, zinahamia kwenye tovuti na simu. Mahali pengi dirisha lenyewe linafungwa au linabaki na mtumishi mmoja ambaye jibu lake ni “ingia kwenye mfumo”. Kwa makadirio ya ITU, watu wapatao bilioni 2.6 walikuwa bado hawatumii intaneti mwaka 2024. Wengi wao hawajaacha kuhitaji huduma za umma. Wamelazimika kumtafuta mtu wa kuingia kwenye mfumo kwa niaba yao.

Katika maandalizi ya pendekezo hili nilitembelea familia kadhaa na kukaa nazo wakati huduma zikishughulikiwa. Ziara moja ndiyo iliyobadilisha namna nilivyokuwa nimelifikiria tatizo. Mama wa miaka 74 alikuwa anahakiki taarifa zake za mafao, na kijana wa jirani ndiye aliyeshika simu. Namba ya uthibitisho ilipoingia, kijana aliisoma kwa sauti na kuiandika kabla mama hajauliza ni ya nini. Ujumbe uleule ulibeba onyo: usimpe mtu yeyote namba hii. Mama hakuliona, maana hasomi maandishi madogo bila miwani, na miwani ilikuwa chumbani. Nenosiri lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la ndani la daftari la kliniki, na kijana anajua daftari linawekwa wapi. Kazi ilipokwisha mama aliuliza swali moja tu: “Wameandika bado niko hai?” Kijana akamjibu ndiyo. Akashukuru, simu ikarudishwa mezani.

Sikuona wizi wala dhuluma pale. Niliona kijana mwema anayefanya kazi ya bure, na mama anayemwamini. Lakini pia niliona mtu akikabidhi, kwa dakika zisizozidi kumi, utambulisho wake, siri zake za afya na uwezo wa kubadilisha akaunti ya benki inayopokea mafao yake, bila njia yoyote ya kujua ni kipi kilichoandikwa kwa jina lake. Mfumo ulimtaka avunje kanuni ya usalama ili apate haki yake. Hilo si kosa la mama na si kosa la kijana. Mfumo unatambua mtu mmoja tu, yule anayeshika simu na kujua namba.

Maarifa yaliyopo hayatufikishi mbali katika jambo hili. Tafiti za pengo la kidijitali zilianza kwa kuuliza nani ana kompyuta na intaneti. Mwaka 2002 Eszter Hargittai alionyesha kuwa walio na intaneti nao wanatofautiana sana kwa ujuzi, na Jan van Dijk akapanua hoja hiyo hadi kwenye hamasa, ujuzi na manufaa yanayopatikana. Hatua hizo zilikuwa muhimu. Hata hivyo zote zinamchukulia mtumiaji kama mtu mmoja aliye peke yake mbele ya kifaa: ana ujuzi au hana, ananufaika au hanufaiki. Anayenufaika bila ujuzi kwa sababu ana mjukuu mwenye subira hana mahali pa kukaa katika mpangilio huo, na anayepoteza kwa sababu mjukuu amehama naye hana.

Upande wa utawala wa umma nao una upofu wake. Michael Lipsky alieleza mwaka 1980 jinsi sera zinavyopata sura yake halisi mikononi mwa watumishi wa mstari wa mbele, wanaoamua nani asikilizwe na nani arudishwe kesho. Mwaka 2002 Mark Bovens na Stavros Zouridis walionyesha kuwa uamuzi huo unahama kutoka kwa mtumishi kwenda kwa mfumo wenyewe. Nakubaliana nao, lakini nadhani kuna sehemu ya kazi ya dirishani ambayo haikuhamia kwenye mfumo. Kufafanua neno gumu la fomu, kukumbusha cheti kilichosahaulika, kumtuliza mtu aliyekasirika: kazi hizo zimehamia nyumbani, kwa watu wasiolipwa, wasiofundishwa na wasiowajibika kwa yeyote. Pamela Herd na Donald Moynihan wametupa lugha ya kuzungumzia mzigo wa kiutawala, yaani gharama ya kujifunza, ya kutimiza masharti, na ya kisaikolojia. Bado hatujauliza mzigo huo unagawanywaje pale unapobebwa na watu wawili, na kama anayepunguziwa gharama ya kujifunza haongezewi gharama ya kisaikolojia kwa kuombaomba.

Tafiti za matumizi kwa niaba zipo. Sehemu kubwa ya zile nilizopitia kwa ajili ya pendekezo hili hutumia dodoso, na humuuliza msaidizi: unamsaidia nani, mara ngapi, kwa huduma ipi? Majibu yake yana thamani, ila yanampa msaidizi peke yake nafasi ya kusimulia. Mzee haulizwi alitaka nini, alificha nini, au ni huduma ipi aliyoamua kuiacha kwa sababu hakutaka mwanawe aione. Jambo hili la mwisho lilijitokeza bila mimi kuliuliza. Mzee mmoja aliniambia ameahirisha miadi ya kliniki kwa miezi kadhaa, maana anayemwekea miadi ni mkwewe. Kwa mfumo, mzee huyo hakuhitaji huduma. Ukimya wa namna hii hauonekani kwenye kumbukumbu yoyote, na dodoso la msaidizi haliwezi kuufikia.

Kisheria pia kuna mwanya. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inatambua kuwa mtu anaweza kusaidiwa kutumia uwezo wake wa kisheria bila kunyang'anywa uwezo huo, na inataka pawe na kinga dhidi ya matumizi mabaya. Wazo hilo ndilo hasa linalokosekana hapa. Kati ya hati rasmi ya uwakilishi, ambayo ni nzito mno kwa kuweka miadi, na nenosiri lililoandikwa daftarini, hakuna kitu cha katikati. Msaidizi akikosea tarakimu, mwenye jina ndiye anayewajibika. Mwenye jina akilalamika kwamba si yeye aliyejaza, anakuwa amekiri kwamba alitoa siri yake.

Kwa hiyo tatizo la utafiti huu ni kwamba hatujui jinsi wazee wanavyopata, wanavyolinda na wanavyopoteza mamlaka juu ya mambo yao wenyewe pale huduma za umma za kidijitali zinapowafikia kupitia mtu mwingine. Kwa kuwa hatujui, taasisi zinahesabu kila muamala uliokamilika kama ushahidi wa ujumuishaji, na zinatumia hesabu hiyo kuhalalisha kufunga madirisha yaliyobaki. Hali hiyo ikiendelea, watakaoumia kwanza ni wale wasio na mtu: mjane asiye na mtoto karibu, mzee aliyegombana na familia, mwenye siri ambayo hawezi kumkabidhi yeyote.

Utafiti utaongozwa na swali moja kuu: mamlaka juu ya huduma hugawanywaje kati ya mzee na msaidizi wake, kuanzia huduma inapohitajika hadi matokeo yanapopokelewa? Chini yake kuna maswali matatu. Msaidizi anachaguliwaje, na nini kinatolewa kama malipo, kiwe fedha, shukrani au utii? Ni taarifa zipi mzee huzizuia, na kwa mbinu gani? Na uhusiano ukivunjika, huduma inakwenda wapi?

Washiriki watakuwa jozi 24 za wazee wa miaka 60 na zaidi na wasaidizi wao, kutoka wilaya mbili, moja ya mjini na moja ya vijijini, ambazo majina yake yatafichwa ili kuwalinda. Kila jozi itafuatiliwa kwa miezi 8 kwa mahojiano na kwa kushuhudia huduma zikishughulikiwa. Wazee 10 wasio na msaidizi wa kudumu watahojiwa pia, kwa sababu kuwachagua wenye msaidizi pekee kungerudia upofu uleule ninaoukosoa. Utafiti hautapima ujuzi wa kutumia simu wala ubora wa tovuti. Haya yana watafiti wake.

Kuna hatari moja inayotokana na tatizo lenyewe. Msaidizi aliyezoea kujibu kwa niaba ya mzee atataka kujibu pia swali la kama mzee amekubali kushiriki. Kwa hiyo idhini ya mzee itaombwa akiwa peke yake, kwa mdomo, kwa lugha anayoizungumza nyumbani, na itaombwa upya kila ziara. Akikubali mbele ya msaidizi na kusita akiwa peke yake, kusita huko ndiko kutakakofuatwa, na msaidizi hataambiwa sababu.