Mafunzo ya keki ya kesho yameahirishwa: tarehe mpya na habari za ada

Ndugu washiriki, habari za mchana.

Mafunzo ya kuoka na kupamba keki tuliyopanga kuanza kesho Jumamosi, 18 Aprili 2026, saa 3:00 asubuhi, HAYATAFANYIKA. Tafadhali msije Kigogo kesho wala Jumapili. Tarehe mpya ni Jumamosi na Jumapili, 9 na 10 Mei 2026. Ambaye tarehe hizo hazimfai anarudishiwa hela yake yote.

Sababu ni maji. Mvua ya jana usiku imeujaza Mto Msimbazi, na ukumbi wetu uko upande wa bondeni. Nimefika saa 1 asubuhi nikakuta tope ukutani limefika usawa wa goti, mifuko miwili ya unga imelowa chapachapa, na oveni zote mbili zimeingia maji kwa chini. Fundi umeme amezima meni swichi na amekataa kabisa ziwashwe kabla hazijafunguliwa na kukaushwa. Siwezi kuweka watu 24 humo, miguu kwenye maji na umeme juu ya meza.

Nilizunguka hadi saa 6 mchana kutafuta jiko lingine. Nililopata lina oveni moja, na ndogo. Mngeshinda siku mbili mkimtazama mwenzenu akioka. Ndiyo maana taarifa imechelewa. Nilipaswa kuwadokeza asubuhi ile ile kwamba kuna shida, sikufanya hivyo, naombeni radhi.

Mtauliza kwa nini tusifanye wiki ijayo. Tarehe 26 ni Muungano, na Mei Mosi inaangukia Ijumaa. Wikiendi hizo mbili nusu ya kundi hili mna oda za watu, na mimi sitaki mtu aache mteja wake.

Sasa ada. Inabaki ile ile, shilingi 85,000, hakuna nyongeza hata kama bei ya siagi itapanda. Uliyelipa na utakuja Mei, nafasi yako ipo, usilipe kitu tena. Uliyetanguliza nusu utamalizia siku ya kwanza, mlangoni. Unayetaka hela yako, niandikie inboksi neno RUDISHA na jina lako kama lilivyo kwenye risiti, mwisho Jumatano 22 Aprili saa 12:00 jioni. Alhamisi tarehe 23 nitawatumia wote, kwenye namba ile ile uliyolipia, na ya kutolea naweka mimi. Ukikaa kimya nitahesabu unakuja. Lakini ukipata dharura baadaye, niambie kabla ya tarehe 2 Mei, bado nitakurudishia yote.

Najua kwenye risiti imeandikwa "ada ikilipwa hairudishwi", na wawili wameshanipigia wakiwa na wasiwasi. Sharti lile ni la mshiriki anayejitoa mwenyewe. Safari hii tulioahirisha ni sisi, kwa hiyo halitumiki.

Mnaotoka Tanga na Morogoro, ninyi ndio mnaoniumiza kichwa. Kama hujapanda basi, wahi ofisi walikokukatia tiketi uombe kuhamishiwa tarehe nyingine. Wakikataa, nitumie picha ya tiketi, nauli hiyo ni juu yangu. Dada uliyekwisha kufika Magomeni tangu jana, nimeongea na mwenye gesti: usiku wa leo nalipia mimi, na nauli ya kurudi nakutumia jioni hii.

Jambo moja msilipuuze. Hela zikianza kurudi, matapeli nao huamka. Mimi sitampigia mtu kumwomba namba ya siri, wala sitamwambia atume "ya kufungulia muamala". Ukipigiwa hivyo, kata simu kisha unijulishe hapa kwenye kundi.

Mahali papya ni Sinza, ghorofa ya kwanza, mbali na mto. Ukija na mwendokasi shuka Shekilango, kisha chukua bajaji. Ramani nitaituma Jumatatu tarehe 4 Mei. Vya kubeba ni vile vile: aproni, kitambaa cha kichwa, daftari, na kontena la kuondokea na keki yako. Wenye vifaa vya mkono vya kupigia krimu njooni navyo, vya kwetu havitoshi.

Trei 12 za mayai nilizokwisha kununua hazitafika Mei. Walio karibu na Kigogo, leo kabla ya saa 12 jioni pitieni mchukue trei moja moja kwa bei niliyonunulia, shilingi 9,500. Yako juu ya kabati, maji hayakuyafikia.

Mkishasoma, kila mmoja aweke dole gumba hapa chini ili nijue nani bado hajapata taarifa. Ambao hadi saa 11 jioni sijawaona nitawapigia mmoja mmoja.

Mratibu wa mafunzo
Ijumaa, 17 Aprili 2026, saa 8:10 mchana